Pikingi au kukuza picha: kipi cha kuamini unapofokasi video kwa mkono

Ukizima fokasi ya kiotomatiki kwenye kamera isiyo na kioo na kushika pete ya lenzi mwenyewe, kamera hukupa wasaidizi wawili. Wa kwanza ni pikingi, ile rangi nyekundu, njano, buluu au nyeupe inayopakwa kwenye kingo za vitu vilivyo kwenye fokasi. Wa pili ni kukuza picha: unabonyeza kitufe, sehemu ndogo ya fremu inajaza skrini nzima, unaona kope moja moja. Wapigaji wengi hujifunza wa kwanza, wakaridhika naye kwa sababu ni mwepisi, halafu wakifika kwenye kompyuta wanakuta macho ya mhusika yana ukungu ilhali kwenye kamera yalikuwa yamewaka rangi vizuri kabisa.

Pikingi haikudanganya. Iliulizwa swali lisilo lake. Pikingi ni hodari wa kukuonyesha fokasi iko upande gani na inaelekea wapi, na kazi hiyo inaifanya hata wakati unarekodi na mtu anasogea. Lakini kusema kwamba jicho hili limekaa sawasawa, hiyo ni kazi ya kukuza picha. Ukielewa kwa nini, mpangilio wa kazi unajipanga wenyewe: unakuza kabla ya kurekodi, unasoma pikingi wakati wa kurekodi.

Pikingi inaona nini hasa

Kamera haijui jicho ni nini inapopaka rangi ile. Inachofanya ni kulinganisha pikseli na jirani yake. Pakiwa na mruko mkubwa wa mwanga kati ya pikseli moja na inayofuata, kama pale unywele mweusi unapokutana na ngozi angavu, kamera inahesabu kwamba hapo pana ukingo mkali, na ukingo mkali kwa kawaida ni dalili ya fokasi. Kitu kikitoka kwenye fokasi, mruko ule unasambaa juu ya pikseli nyingi, tofauti kati ya jirani na jirani inapungua, na rangi inazimika.

Kwa hiyo kile kiwango unachochagua kwenye menyu, ambacho kwenye Sony huandikwa Peaking Level chenye High, Mid na Low, ni kizingiti tu. Ukiweka High, kamera inapaka rangi hata kwenye mruko mdogo. Ukiweka Low, inangoja mruko mkubwa. Watu wengi huchagua High kwa sababu skrini inajaa rangi na moyo unatulia, lakini kizingiti kikiwa chini namna hiyo, hata ukingo ulioanza kuingia ukungu unapita. Mkanda wa rangi unakuwa mpana kuliko mkanda halisi wa fokasi, na wewe huwezi kujua katikati yake iko wapi.

Kutokana na namna hii ya kuhesabu, makosa ya pikingi yanatabirika. Shavu laini lililoangazwa na mwanga mpole halitawaka rangi hata likiwa kwenye fokasi kamili, kwa sababu halina kingo. Nondo za dirisha zilizo nyuma ya mtu, zikiwa zimekatwa na mwanga mkali wa nje, zinaweza kuwaka ingawa ziko nje ya fokasi, kwa sababu tofauti ya giza na mwanga pale ni kubwa kiasi kwamba hata ikisambaa bado inavuka kizingiti. Na ukipiga gizani kwa ISO ya juu, chengachenga nazo ni mruko kati ya pikseli na pikseli. Utaona vidoti vya rangi vinachezacheza ukutani au kwenye kivuli mahali pasipo na ukingo wowote. Ukiona rangi inayotetemeka wakati kamera na kitu vyote vimetulia, hiyo ni chenga, ipuuze.

Kurekodi kwa logi, yaani S-Log3, V-Log na jamaa zake, kunaleta tatizo la upande wa pili. Picha ya logi imefifishwa kwa makusudi, giza na mwanga vimesogezwa karibu, basi na miruko kati ya pikseli inapungua. Pikingi iliyokuwa inawaka vizuri kwenye rangi za kawaida inaweza karibu kutoweka. Kamera nyingi zina njia ya kukuonyesha picha iliyorudishiwa rangi huku faili likibaki logi. Kwenye Sony huitwa Gamma Display Assist, kwenye Panasonic V-Log View Assist. Iwashe, angalia kama pikingi inarudi. Isiporudi ya kutosha, hapo ndipo kupanda kutoka Low kwenda Mid kuna sababu.

Tatizo la pikseli tatu

Hata pikingi iliyopangwa vizuri ina mpaka mmoja usioondoka, nao ni skrini yenyewe.

Video ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana. Kitazamio cha kamera nyingi nzuri kinatajwa kuwa na nukta milioni 3.68. Namba hiyo inahesabu nukta nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, kwa hiyo pikseli kamili ni theluthi yake, yaani 1280 kwa 960. Gawa 3840 kwa 1280: kila pikseli unayoiona kwenye kitazamio inabeba pikseli tatu za video kwa upana. Skrini ya nyuma yenye nukta milioni 1.04 ni 720 kwa 480, na huko kila pikseli inabeba zaidi ya tano.

Maana yake ni kwamba ukungu mdogo wa pikseli mbili au tatu za video unamezwa na pikseli moja ya skrini. Huuoni wewe, na pikingi kwa kawaida nayo haiuoni, kwa kuwa inapima picha hiyo hiyo iliyopunguzwa kwa ajili ya kutazamia. Lakini mtazamaji mwenye televisheni kubwa atauona.

Sasa kuza picha mara 4. Fremu ya pikseli 3840 inabaki kipande cha pikseli 960 kwa upana, na kipande hicho kinaonyeshwa kwenye kitazamio chenye 1280. Hakuna tena kinachomezwa. Hata kwenye skrini ndogo ya nyuma umebaki karibu sana na hali halisi ya faili. Hii ndiyo sababu kukuza kunaweza kutoa hukumu na pikingi haiwezi.

Kabla ya kuamini macho yako kwenye kitazamio, zungusha lile gurudumu dogo pembeni yake hadi maandishi ya menyu yawe makali. Gurudumu hilo halibadilishi chochote kwenye video. Linarekebisha kitazamio kiendane na jicho lako, na likiwa limesogea ndani ya begi, utakuza picha na kuona ukungu usiokuwepo kwenye lenzi, kisha utazunguka na pete bila kufika.

Mahojiano ya mtu mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mtu ameketi, anahojiwa. Kamera ina sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, lenzi ni ya milimita 85, imefunguliwa f/1.8, na kutoka kamera hadi jicho lake ni mita 1.5. Kwa vipimo vya kawaida vya kukokotoa kina cha fokasi, eneo linaloonekana kali hapo ni kama sentimita 3 tu: moja na nusu mbele ya jicho, moja na nusu nyuma yake. Ncha ya pua iko nje. Sikio liko mbali kabisa.

Weka kamera kwenye stendi. Weka lenzi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono, chagua f/1.8 unayotaka kurekodi nayo, washa pikingi kwenye Low, na chagua rangi ambayo haimo kwenye fremu. Nyekundu ni nzuri hadi mhusika atakapovaa shati jekundu au kupaka midomo rangi. Hapo njano au buluu itakusomekea vizuri zaidi.

Mkaribie kwa pikingi kwanza. Zungusha pete na uangalie rangi ikitembea: inaanza kwenye kiti cha nyuma, inapita masikio, inakuja usoni. Ikifika kwenye kope, acha. Sasa bonyeza kitufe cha kukuza, sogeza kisanduku hadi kwenye jicho lililo karibu na kamera, na ukuze. Mwambie mhusika aketi kama atakavyoketi akiwa anazungumza, si kama anavyoketi anapopigwa picha ya pasipoti. Watu hujinyoosha wakiambiwa wamepangwa, kisha swali la kwanza likianza wanalegea na kurudi nyuma.

Ukiwa umekuza, usiishie pale picha inapoonekana nzuri. Endelea kuzungusha hadi kope zianze kupoteza ukali, kisha rudi hadi zipoteze ukali kwa upande wa pili, kisha punguza mwendo huo mpaka ubaki katikati. Jicho la binadamu ni hafifu katika kupima ukali uliotulia, lakini ni jepesi kuona ukali ukibadilika. Kwa kupita na kurudi unalipa jicho kazi linayoiweza. Pikingi ukiiacha imewaka wakati huu inaweza kufunika kope zenyewe kwa rangi. Wengine huizima wakikuza, na kwa maoni yangu ndivyo inavyofaa: umekuza ili uone picha, basi ione picha.

Mhusika akivaa miwani, hapa ndipo kuna mtego. Fremu ya miwani ni ukingo mnene, mweusi, wenye tofauti kubwa na ngozi, kwa hiyo pikingi itaipenda kuliko kitu kingine chochote usoni. Lakini fremu inakaa mbele ya jicho kwa sentimita moja na nusu hadi mbili. Ukifokasi kwenye fremu ya miwani kwa f/1.8, jicho lenyewe limebaki ukingoni mwa ule mkanda wa sentimita 3 au limeshatoka. Kwenye skrini ndogo rangi imewaka usoni na kila kitu kinaonekana safi. Ukikuza utaona skrubu ya miwani ina ukali wa kukata na mboni ya jicho ina ukungu. Lenga mstari wa kope, ndani ya kioo, na uiache fremu ijiwakie inavyotaka.

Ukimaliza, toka kwenye kukuza, washa pikingi tena, na kabla hujabonyeza kurekodi angalia kwa makini rangi imekaa wapi. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Umeshajua kwa uhakika kwamba fokasi iko kwenye jicho. Sasa unasoma sura ya pikingi pale fokasi inapokuwa sahihi: labda rangi nyembamba kwenye kope, mstari kwenye nyusi, na nukta chache kwenye nywele za mbele ya paji. Hiyo ndiyo alama yako. Kuanzia hapa hutafuti tena rangi, unalinda sura hiyo isibadilike.

Kusoma mwendo wakati unarekodi

Mhusika anajibu swali linalomgusa, anainama mbele sentimita 5. Uso umesogea, lakini mkanda wa fokasi umebaki pale pale hewani, kwa hiyo sasa unakata nyuma ya macho. Kwenye skrini utaona rangi imehama kutoka kwenye kope na kuwaka kwenye nywele za pembeni, karibu na sikio. Akiegemea nyuma, rangi itatokea kwenye matundu ya pua, masharubu, au ukingo wa mdomo. Hutalazimika kukisia ni upande gani amekwenda. Rangi ikiwa masikioni, amekuja mbele, zungusha pete kuelekea karibu. Rangi ikiwa puani, amerudi, zungusha kuelekea mbali. Kukuza picha hakuwezi kukupa habari hii, kwa sababu ukiwa umekuza jicho lililofifia unaona ukungu tu, na ukungu wa mbele na wa nyuma hufanana.

Kamera nyingine haziruhusu kukuza kabisa wakati wa kurekodi, nyingine zinaruhusu. Hata yako ikiruhusu, kumbuka kwamba ukiwa umekuza huoni fremu nzima: maikrofoni inaweza kuingia juu ya kichwa na hutajua. Kuza kwa sekunde moja au mbili mhusika anaponyamaza kusikiliza swali, hakikisha, toka. Faili lenyewe haliguswi. Kinachokuzwa ni kile unachokiona wewe.

Upande wa pete, jua pete za lenzi zako zinazunguka vipi kabla ya kuanza. Zipo lenzi ambazo kuzungusha kulia ni kwenda mbali, na zipo zinazogeuka kinyume. Lenzi nyingi za kisasa hazina gia inayounganisha pete na vioo. Pete inatuma ishara tu na mota ndiyo inasogeza. Katika nyingi kati ya hizo, ukizungusha haraka vioo vinasogea sana, ukizungusha polepole vinasogea kidogo, hata kama mkono umepita umbali ule ule. Kwa kufuata mtu anayesogea hili linachosha, maana alama uliyoitia akilini hairudi mahali pamoja. Kama menyu ya kamera au lenzi yako ina chaguo la kufanya mwendo wa pete uwe sawia, kwa kawaida likiandikwa Linear, lichague. Lenzi hizo hizo zinaweza pia kusahau zilipokuwa pindi kamera inapojizima kuokoa betri. Ukiacha kamera ilale wakati wa mapumziko, fokasi uliyoitafuta kwa kukuza inaweza kuwa imepotea ikiamka, na itabidi ukuze upya.

Kuna chaguo jingine linalofaa kwa picha za mnato na kuudhi kwenye video: kamera kujikuza yenyewe mara tu unapogusa pete. Panasonic huliweka chini ya jina MF Assist, na Fujifilm chini ya jina Focus Check. Unapotaka kurekebisha kidogo tu kabla ya kurekodi, skrini inakurukia usoni na fremu inapotea. Lizime, na ukuzaji uupe kitufe chake kimoja ambacho kidole kinakifikia bila kutafuta.

Unapobana tundu la lenzi au kuvuta zumu

Tukirudi kwenye yale mahojiano, njia ya kwanza ya kujipa nafuu ni kubana tundu la lenzi. Kwa lenzi ile ile na umbali ule ule, f/4 inapanua eneo kali kutoka kama sentimita 3 hadi kama 7. Mtu anayepumua na kutikisa kichwa kidogo ataendelea kukaa ndani bila wewe kugusa kitu. Lakini ukizidi kubana, kukuza kunakuwa kugumu: kwa f/8 kope zinaonekana sawa kwa sehemu ndefu ya mzunguko wa pete, na kupata katikati ni kubahatisha. Njia iliyozoeleka ni kufungua tundu lote, kufokasi kwa kukuza, kisha kubana hadi kipimo cha kurekodi. Inafanya kazi kwa lenzi nyingi, ila zipo, hasa zile za zamani zinazofunguka sana, ambazo sehemu ya fokasi husogea nyuma kidogo zinapobanwa. Kujua kama yako ni mojawapo, laza karatasi yenye maandishi ya kuchapwa kwa mshazari mbele ya kamera, fokasi kwenye mstari mmoja ukiwa umefungua lenzi, kisha bana taratibu huku umekuza. Mstari mkali kuliko yote ukihama, fokasi kwa kipimo kile kile utakachorekodi nacho.

Karatasi hiyo hiyo itakupimia pikingi. Kwa mshazari, rangi inapaka mkanda wa mistari kadhaa. Weka High, hesabu mistari iliyowaka, shuka hadi Low, hesabu tena. Rekodi sekunde chache, kisha fungua faili kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili na uone ni mistari mingapi inasomeka kwa ukali wa kweli. Kiwango ambacho mkanda wake wa rangi unakaribia mistari hiyo ndicho cha kuacha kwenye kamera. Fanya hivyo ukiwa kwenye rangi unazorekodia, iwe logi au za kawaida, kwa kuwa jibu linaweza kutofautiana.

Zumu ina jambo lake. Zamani, kwenye kamera za televisheni, ilikuwa kawaida kuvuta zumu hadi mwisho, kufokasi, kisha kurudi kwenye upana unaotaka. Lenzi zile zimetengenezwa zishike fokasi zumu inaposogea. Zumu nyingi za kamera za picha hazikutengenezwa hivyo: ukifokasi kwenye milimita 70 kisha ukarudi 35, fokasi inaweza kuwa imehama, na pikingi kwenye skrini ndogo haitakuambia kwa sababu picha pana ina kina kikubwa na kila kitu kinawaka. Ukiwa na lenzi ya namna hiyo, chagua upana kwanza, kisha kuza picha kwa kitufe cha kamera, si kwa zumu ya lenzi. Na ukibadilisha upana katikati ya mahojiano, kuza tena kabla swali linalofuata halijaulizwa.